GPA 3.63 na hakufeli somo, mbona hayumo kwenye orodha ya heshima?

Mshauri, assalaam aleikum. Nakuandikia kutoka Makorora, Tanga. Mdogo wangu wa kiume yuko Marekani kwa viza ya mwanafunzi, mwaka wa kwanza katika chuo cha miaka miwili. Prospektasi ya chuo chao inasema anayepata GPA ya muhula ya 3.50 au zaidi, mwenye krediti zisizopungua 12 na asiyefeli somo lolote, anaingia orodha ya heshima. Alijiandikisha krediti 14: uandishi wa Kiingereza (3), baiolojia na maabara yake (4), aljebra (3), sosholojia (3) na semina ya wanafunzi wapya (1). Sosholojia ilimlemea, akaiacha katikati ya muhula. Matokeo yametoka: uandishi A-, baiolojia B+, aljebra A, semina P, sosholojia W. GPA 3.63. Jina lake halimo. Yeye alipiga hesabu yake akapata 3.67, anaona wamempunja. Mjomba, aliyesoma chuo kikuu hapa nyumbani, anasema 3.63 si ya kuringia na krediti 12 hata somo moja na nusu hazifiki. Mama alishawaambia majirani. Je, tumwambie akate rufaa? Na muhula ujao ameandika kemia (4), takwimu (3), uandishi wa pili (3) na historia (3). Zitatosha?

Dada yake

*

Waaleikum salaam, dada yangu. Rufaa asikate, maana hana pa kuishikia. Wastani wake umefika na kupita, na kweli hakufeli. Amekwama kwenye sharti la krediti, na sharti hilo ndilo linalowaponyoka wengi kwa sababu neno krediti lina hesabu zaidi ya moja ndani ya karatasi ileile ya matokeo.

Mwambie afungue transkripti yake kwenye tovuti ya chuo, ashuke mpaka chini ya muhula huu. Mifumo mingi ya vyuo vya Marekani huweka pale mstari wa jumla wenye vichwa kama `Attempt Hours`, `Earned Hours`, `GPA Hours` na `Quality Points`. Cha kwanza ni krediti alizoingia nazo, na kwa kawaida somo lililoachwa kwa W bado linahesabiwa humo, kwa hiyo yeye ataona 14. Cha pili ni krediti alizovuna. Sosholojia inatoka, zinabaki 11. Cha tatu ni krediti zilizobeba nukta, yaani zile zilizoingia kwenye hesabu ya GPA. Hapo semina nayo inatoka, kwa sababu P maana yake amefaulu tu, haina nukta ya kuzidisha. Zinabaki uandishi 3, baiolojia 4 na aljebra 3. Kumi.

Sasa arudi kwenye prospektasi asome maneno yanayofuata namba 12, neno kwa neno. Vyuo vingi huandika kwamba ni krediti 12 zenye alama za herufi, yaani zilizoingia kwenye GPA. Vingine huandika krediti 12 zilizokamilishwa. Kwa maneno ya kwanza ana 10, kwa maneno ya pili ana 11. Usomaji wowote kati ya hiyo miwili unamwacha nje, ndiyo maana nasema rufaa itarudi na jibu lilelile.

Kuhusu 3.67 dhidi ya 3.63, hakuna aliyempunja. Amejumlisha nukta za herufi tatu, 3.7 na 3.3 na 4.0, akagawa kwa tatu. Ungekuwa wastani sahihi kama masomo yote yangekuwa na uzito mmoja, lakini baiolojia ni krediti 4 na mengine ni 3. Kila nukta huzidishwa kwanza kwa krediti za somo lake:

```
Uandishi    3 × 3.7 = 11.1
Baiolojia   4 × 3.3 = 13.2
Aljebra     3 × 4.0 = 12.0
Jumla      10         36.3
GPA = 36.3 ÷ 10 = 3.63
```

Hiyo 36.3 ndiyo ataiona chini ya `Quality Points`. B+ ya baiolojia imevuta wastani chini kwa sababu ndilo somo zito kuliko yote, na ndilo alilopata herufi ya chini kuliko yote. Safari hii kosa hilo la hesabu halikubadilisha kitu, kwa kuwa 3.67 na 3.63 zote ziko juu ya mstari. Kuna mihula linabadilisha. Mwanafunzi mwenye B kwenye somo la krediti 4, na A, A- na B+ kwenye masomo matatu ya krediti 3, akigawa kwa idadi ya masomo anapata 3.50 kamili na kuanza kushangilia. Akizidisha kwa krediti anapata nukta 45 kwa krediti 13, ambayo ni 3.46, na hayumo. Wala asitegemee kusogezewa: chuo kilichoandika 3.50 kinamaanisha 3.50, na 3.49 haipandishwi.

Swali ambalo naona linamuuma, hata kama hukuliandika, ni kama angeng'ang'ania sosholojia. Tulipigie hesabu. Angekuwa na krediti 13 zenye nukta, na ili apate 3.50 angehitaji 13 mara 3.5, yaani nukta 45.5. Tayari anazo 36.3. Pengo ni 9.2, na sosholojia ni krediti 3, kwa hiyo angehitaji nukta 3.07 kwa kila krediti. B inatoa 3.0. Angepata B, GPA ingekuwa 45.3 gawanya kwa 13, yaani 3.48, akaikosa orodha kwa unywele. Ilimpasa apate B+. Kama katikati ya muhula alikuwa anaelea kwenye C, basi orodha ilishamtoka kabla hajaliacha somo, na alichookoa kwa W ni GPA yake. Si uamuzi wa kumlaumu. Ila aelewe W inafanya nini: inalinda wastani, haijazi krediti. Mwanafunzi anayeacha somo ili asiharibu GPA aanze kwa kuhesabu zitakazobaki zenye nukta. Zikishuka chini ya 12, orodha ya muhula huo imekwisha, hata apate A tupu kwenye yaliyobaki.

Sharti la tatu, la kutofeli, halikumgusa, lakini nalieleza kwa sababu huku kwetu tumezoea sapu. Hapa mtu akifeli anafanya sapu, akishindwa anakeri, na mambo yanasonga. Katika vyuo vingi vya kule sapu hakuna. F ikiandikwa imeandikwa kwenye muhula ule. Akirudia somo muhula mwingine akapata A, vyuo vingi hurekebisha wastani wa jumla, lakini hairudi nyuma kumwingiza kwenye orodha ya muhula aliofeli.

Mara nyingi F haihitaji hata sharti lake lenyewe. Chukua mwenye A katika masomo manne ya krediti 3 na F katika la tano: nukta 48 kwa krediti 15, wastani 3.20, ameshaanguka kwenye GPA. Sharti hili linafanya kazi pale somo lililofeliwa ni dogo. Mwenye A kwenye krediti 14 na F kwenye maabara ya krediti 1 ana nukta 56 kwa krediti 15, ambayo ni 3.73. Wastani unatosha, krediti zinatosha, na F ile ya krediti moja inamtoa. Ndiyo maana semina isidharauliwe. Kama mdogo wako angeifeli, GPA ingeweza kubaki 3.63 vilevile pale ambapo chuo hakiingizi masomo ya aina hiyo kwenye nukta, lakini vyuo vingi vinahesabu kuwa kafeli somo. Na kama siku moja ataumwa akapewa I, yaani somo halijakamilika, hiyo si F, lakini krediti zake hazihesabiki mpaka herufi iingie, na viko vyuo vinavyomweka kando yeyote mwenye I siku orodha inapotolewa. Hapo ndipo barua kwa msajili ina maana: akishakamilisha, aombe muhula ule uangaliwe upya.

Mjomba naye, kwa heshima zote, anapima kwa kipimo kingine. Vyuo vikuu vyetu vingi vinatumia mizani ya 5, ambapo A ni 5 na daraja la kwanza linaanza 4.4. Katika mizani hiyo 3.6 ni daraja la pili la juu. Mdogo wako yuko kwenye mizani ya 4, ambapo A ndiyo 4.0 na hakuna kinachoizidi. 3.63 yake iko karibu na A- kwa wastani, na ni kijana anayesoma kwa lugha ya pili.

Hata krediti si zilezile. Kwetu krediti moja ni saa 10 za kazi yote ya mwanafunzi, darasani na nje, na mwaka mzima wa shahada ni krediti 120, yaani kama 60 kwa muhula. Kule krediti moja ni saa moja ya darasa kwa wiki pamoja na saa mbili za kujisomea, kwa muhula wa wiki kama 15, ambayo inafika saa 45. Krediti 12 za kule ni kama saa 540. Sitini za kwetu ni saa 600. Mjomba akipiga hesabu hiyo mwenyewe ataona kwamba hazijaachana mbali.

Mama akiulizwa barazani, jibu la kweli lipo na halina aibu: alama zimefika, ila ziko kwenye masomo matatu, na orodha inataka manne.

Kuna jambo nimelisoma kwenye barua yako likanishtua kuliko orodha, nalo nataka umpigie simu leo umuulize. Ni viza. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza au ya miaka miwili mwenye viza ya F-1 anatakiwa kusoma mzigo kamili, ambao ni krediti zisizopungua 12 kwa muhula. Alipoacha sosholojia alishuka kutoka 14 hadi 11. Kushuka chini ya 12 kunaruhusiwa kwa sababu maalumu, lakini ruhusa hutolewa kabla ya kuacha somo, na anayeitoa ni afisa wa chuo anayeshughulikia wanafunzi wa kigeni, yule wanayemwita `DSO`, ambaye huiingiza kwenye `SEVIS`, mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni. Kukubaliwa na mwalimu wa somo hakutoshi. Kubofya kitufe cha kuacha somo kwenye tovuti hakutoshi. Kama aliipata ruhusa hiyo, alhamdulillahi, aitunze nakala yake. Kama hakuipata, aende ofisini kwa afisa huyo haraka aeleze ukweli, asisubiri muhula uanze.

Uangalie pia kwamba 12 ya viza na 12 ya orodha ya heshima si moja. Krediti 1 ya semina yenye P huhesabiwa kwenye mzigo wa viza kwa sababu ni somo analohudhuria, lakini kwenye orodha haihesabiwi. Mtu mwenye masomo matatu ya krediti 3, la krediti 2 na semina ya 1, jumla 12, anaweza kuwa salama kabisa uhamiaji na asiwe na nafasi yoyote kwenye orodha tangu siku ya kwanza ya muhula.

Sasa muhula ujao. Kemia 4, takwimu 3, uandishi 3, historia 3: jumla 13. Kwanza ahakikishe yote manne yatatoa herufi, kwa sababu vyuo vingine vinamruhusu mwanafunzi kuchagua P badala ya herufi, na akichagua hivyo kwa somo moja tu anashuka hadi 10 au 9. Pia kama takwimu hiyo ni darasa la maandalizi na si la kiwango cha chuo, vyuo vingi haviyahesabu madarasa hayo kwenye orodha. Herufi zikithibitika, krediti zinatosha. Lakini nafasi ya kuteleza ni krediti 1 tu, na somo dogo kuliko yote ni la 3. Maana yake hana somo hata moja la kuacha.

Asiongeze somo la tano kwa ajili ya kujaza tu. Masomo yamemlemea muhula huu akiwa na 14, na kemia ni nzito kuliko semina. Njia ninayoiona bora ni kujua mapema kama chuo chake kina madarasa ya nusu muhula, yale yanayoanza katikati na kumalizika pamoja na mengine. Vyuo vingi vya miaka miwili vinayo, mara nyingi ya wiki 8. Somo moja la muhula mzima likimshinda, anaweza kuliacha na kuingia darasa la krediti 3 la nusu ya pili, na akarudi kwenye 13, au 12 kama aliloliacha ni kemia. Ayafanye kwa mpangilio huo: kwanza amwone `DSO`, kisha apate nafasi kwenye darasa jipya, ndipo aache la zamani. Na awe mwangalifu na masomo ya mtandaoni, kwa sababu kwa mwenye F-1 ni somo moja tu la namna hiyo, lisilozidi krediti 3, linaloweza kuhesabiwa kwenye mzigo kamili.

Kwa upande wa nukta, anahitaji 45.5 kutoka krediti 13. Kemia ndiyo yenye ufunguo. Akipata B+ kemia anavuna 13.2, na yale matatu mengine yanapaswa kumpa 32.3. Hapo hata A- mbili na B+ moja hazitoshi, zinampa 32.1, jumla 45.3, wastani 3.48 uleule wa kuikosa kwa unywele. Itabidi A- moja ipande kuwa A. Akipata A- kemia anavuna 14.8, na yanabaki 30.7 tu, ambayo A- moja na B+ mbili zinayafikisha. Herufi moja ya kemia inamwondolea mzigo wa karibu herufi mbili kwenye masomo mengine. Kwa hiyo saa za ziada za kujisomea aziweke kemia, hasa ripoti za maabara, ambazo zina alama zake kila wiki na hazingoji mtihani. Kabla ya kuzitumia hesabu hizi ahakiki jedwali la nukta la chuo chake, maana viko vyuo vinavyotumia 3.67 na 3.33 badala ya 3.7 na 3.3, na vingine havina kabisa alama za kuongeza wala kupunguza.

Mwisho, kwenye kalenda ya chuo kuna tarehe mbili za kuacha somo. Ya kwanza iko siku za mwanzo za muhula, na somo linaloachwa kabla yake halionekani popote kwenye transkripti. Ya pili iko mbali zaidi, na kati ya hizo mbili ndipo W inapoandikwa. Baada ya hiyo ya pili ni herufi utakayoipata, iwe F. Aziandike zote mbili ndani ya simu yake, na wiki moja kabla ya kila moja akae na karatasi, azidishe nukta kwa krediti kwa alama alizonazo siku hiyo. Wewe huku Makorora unaweza kuifanya hesabu hiyohiyo akikutumia herufi zake, inakaa kwenye ukurasa mmoja wa daftari.